Mita 1,600 na Shilingi Milioni 40

Tuchukue mfano wa mradi wa maji kijijini: mita 6,000 za bomba, wiki 12, bajeti ya shilingi milioni 120. Mpango ni mita 500 kila wiki, kwa shilingi 20,000 kila mita. Mwisho wa wiki ya nne daftari la fomeni linaonyesha mita 1,600 zimelazwa, na la mhasibu linaonyesha milioni 40 zimetumika.

Hizo ni data za utendaji kazi. Zinatoka pale kazi inapofanyika, na bado hazisemi kama mambo yanakwenda vizuri au la. Anayeziandika hatakiwi kutia maoni yake, na ndiyo maana fomeni anayeandika "tumefika asilimia 90" hunitia shaka. Ukiona kazi imeganda kwenye 90 wiki tatu mfululizo, mwambie apime mita, tena zile tu ambazo bomba limeshajaribiwa kwa presha.

Katika mwongozo wa PMBOK wa taasisi ya PMI, toleo la 6 la mwaka 2017, data hizo huingia kwenye michakato ya udhibiti: wa ratiba, wa gharama, wa ubora na mingineyo. Humo hulinganishwa na mpango ulioidhinishwa, na kinachotoka huitwa taarifa ya utendaji kazi. Mhasibu akiangalia daftari lake peke yake ataridhika, kwa sababu kufikia wiki ya nne mpango uliruhusu milioni 40 na zimetumika milioni 40. Lakini kwa fedha hizo mpango ulitaka mita 2,000. Mita 1,600 zina thamani ya milioni 32 tu kwenye bajeti. Maana yake kila shilingi iliyotoka imeleta kazi ya senti 80, na ratiba iko nyuma kwa mita 400.

Taarifa za gharama, ratiba na nyinginezo hukutana kwenye mchakato wa kufuatilia mradi mzima, na hapo ndipo ripoti huandikwa kwa ajili ya mtu anayepaswa kuamua. Mwendo ukibaki huu, mradi utamaliza milioni 150 na wiki 15. Lakini kama kilichochelewesha ni mwamba ambao umeshapitwa, mita 4,400 zilizobaki zitarudi kwenye shilingi 20,000 kila moja, na jumla itakuwa milioni 128. Ripoti inayotaja milioni 150 bila kusema kama kuna aliyechimba mashimo ya majaribio huko mbele haijamsaidia mfadhili.

Ripoti huenda kwa wadau na pia kwenye udhibiti wa mabadiliko, ambako huamuliwa kama fedha ziongezwe au njia ya bomba ihamishwe. Mabadiliko yakikubaliwa, mpango hurekebishwa, na mita za wiki inayofuata hupimwa kwa mpango mpya. Meneja akiurekebisha kimyakimya kabla ya idhini, zile mita 400 hupotea kwenye karatasi, na mtaro unabaki pale pale ulipoishia.