Babu Hajarukwa Sindano

Kuna jambo moja wodini huwaudhi sana ndugu wa mgonjwa. Kijana wa kitanda cha jirani anachomwa gentamaisini kila asubuhi, lakini babu yao, mwenye maambukizi yaleyale ya njia ya mkojo, alichomwa juzi asubuhi, jana asubuhi akapitwa, akachomwa jioni. Watasema babu amesahaulika. Huenda hakusahaulika hata kidogo, bali kuna mtu aliyekaa akapiga hesabu ya figo zake.

Gentamaisini, ambayo wauguzi wengi huiita jenta, ni antibayotiki ambayo ini haliigeuzi. Jinsi ilivyoingia ndivyo inavyotoka, karibu yote kwa mkojo. Kwa hiyo mlango wake ni mmoja tu, na figo zikichoka mlango huo huwa mwembamba. Upana wa mlango hupimwa kwa kiasi cha maji ya damu ambacho figo husafisha kila dakika. Maabara haipimi kiasi hicho moja kwa moja. Hupima kriatinini, taka inayotokana na misuli. Hapo pana mtego: mzee aliyekonda ana misuli kidogo, hutoa taka kidogo, na kriatinini yake inaweza kuonekana nzuri ilhali figo zimechoka.

Ndiyo maana hesabu waliyoitoa Cockcroft na Gault huko Kanada mwaka 1976 inatumika hadi leo. Toa umri kwenye 140, zidisha kwa kilo za mgonjwa, kisha gawa kwa 72 mara kriatinini iliyopimwa kwa miligramu katika desilita. Mwanamke huzidishiwa tena kwa 0.85.

Tuseme kijana wetu ana miaka 25, kilo 50 na kriatinini 0.8. Figo zake husafisha kama mililita 100 kwa dakika, yaani lita 6 kwa saa. Babu ana miaka 70, kilo 50 hizohizo, na kriatinini 2.0. Zake husafisha mililita 24 tu, kama lita moja na nusu kwa saa.

Wote wawili wapewe miligramu 250, yaani miligramu 5 kwa kila kilo. Jenta hukaa kwenye maji yaliyo nje ya seli, takriban robo lita kwa kila kilo ya mwili, hivyo kila mmoja ana chombo cha lita 12.5. Dawa ikishaenea, kila lita ina miligramu 20, kwa kijana na kwa babu vilevile. Dozi ya kwanza hufuata ukubwa wa chombo, wala haiangalii upana wa mlango. Anayeipunguza kwa kuzihurumia figo anawahurumia bakteria, kwa sababu jenta huua kwa kupanda juu, na hata ikishashuka bakteria hukawia kuamka.

Tofauti huanza baada ya hapo. Muda ambao dawa hupungua kwa nusu, tuuite nusu-maisha, ni kama saa moja na nusu kwa kijana na saa 6 kwa babu. Baada ya saa 24 damu ya kijana haina kitu cha kuhesabika. Ya babu imetoka 20 ikafika 10, ikawa 5, 2.5, na sasa 1.25. Wengi hutaka ishuke chini ya 1 kabla ya sindano inayofuata. Ikingojwa hadi saa 36 itakuwa 0.3 hivi. Dozi ni ileile. Kilichorefushwa ni nafasi kati ya sindano na sindano.

Asipongojewa, seli za figo huendelea kuhifadhi dawa bila kupumzika, nazo huumia. Figo zikiumia usafishaji hushuka, nusu-maisha hurefuka, dawa hubaki zaidi na kuziumiza tena. Sikio la ndani nalo huumia, na seli zake za kusikia zikifa hazioti tena.

Hesabu ni makisio tu. Mwili uliovimba maji una chombo kikubwa zaidi, na kwa mgonjwa ambaye figo zake zinabadilika siku hadi siku kriatinini husimulia habari za jana. Kwa hiyo, penye uwezo, damu hutolewa muda mfupi kabla ya sindano inayofuata na kupimwa kiwango cha dawa. Ikitolewa kupitia mpira uleule uliopitisha dawa, au saa isipoandikwa, jibu halina maana. Pasipo na kipimo hicho, kriatinini hurudiwa kila baada ya siku mbili tatu. Wingi wa mkojo usikutulize: figo zinazoumizwa na jenta mara nyingi huendelea kutoa mkojo wa kutosha.

Haya si ya kila antibayotiki. Seftriaksoni ina mlango wa pili kwenye nyongo, na kwa kawaida haipunguzwi kwa sababu ya figo peke yake. Kwa hiyo ndugu asijipangie kuruka dozi ya dawa yoyote. Ila babu akisema masikio yanavuma, au akiyumba anaposimama, mwambieni muuguzi kabla hajavuta dawa kwenye bomba la sindano.