Salamu Isipoitikiwa

Salamu ya Kiswahili haikamiliki mpaka iitikiwe. Shikamoo hungoja marahaba, hujambo hungoja sijambo, na salaam alaikum hungoja waalaikum salaam. Wanasosholojia Harvey Sacks na Emanuel Schegloff, waliochunguza mazungumzo ya kila siku katika miaka ya 1960 na 1970, walionyesha kuwa maneno ya namna hii huenda wawili wawili: la kwanza likishatamkwa, la pili linadaiwa. Lisipokuja, kimya kinachobaki si kimya cha kawaida. Watu wawili wanaweza kukaa benchi moja saa nzima bila kusema neno na asiudhike yeyote, lakini mmoja akishasalimu na mwenzake asijibu, pale pale huonekana kuna jambo.

Tena huonekana haraka mno. Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia ulikuta kwamba jibu la swali kwa kawaida huja baada ya takriban sehemu ya tano ya sekunde. Masikio ya binadamu yamezoea kasi hiyo. Kimya cha sekunde moja tu tayari kinafanana na kukataliwa, ilhali katika sekunde hiyo hiyo anayesalimiwa huenda bado anajiuliza ni nani aliyesema, na kama amesemeshwa yeye.

Uzito wa jambo hili huongezwa na maisha ya mtaani. Kusema kuwa majirani fulani hawasalimiani ni kutangaza kwamba wamegombana, na kila anayesikia huelewa hivyo bila kuongezewa neno. Kwa hiyo salamu isipoitikiwa, maana ya ugomvi iko tayari na inangoja kuvaliwa. Mwanasaikolojia Lee Ross alieleza mwaka 1977 kosa ambalo watu hulifanya karibu kila siku: tendo la mwingine huelezwa kwa tabia na nia yake, na hali aliyokuwamo hupuuzwa. Asiyeitikia huitwa mwenye maringo au mwenye kinyongo. Upepo, jua, masikio na mawazo aliyokuwa nayo wakati ule havihesabiwi, kwa kuwa anayehukumu havioni.

Kikuyu, mtaa wa Jiji la Dodoma, ni mahali ambapo hali hizo huonekana wazi. Hapo pana wakazi wa siku nyingi, Wagogo wengi wakiwamo. Pana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Na pana watumishi waliofika kutoka kila pembe ya nchi, hasa baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma. Watu wasiojuana sura hupishana kwenye njia zile zile kila siku, na kila mmoja amekuja na salamu za kwao.

Chukulia mtumishi mgeni anayerudi nyumbani saa kumi na moja jioni, mwezi Agosti. Anatembea kuelekea mashariki. Hatua 20 mbele yake mzee ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, uso ameuelekeza njiani. Mtumishi anasema, “Shikamoo mzee,” bila kupunguza mwendo. Mzee anamtazama na hasemi kitu. Mtumishi anapita huku amekunja uso, na kesho yake anapita kimya. Siku ya tatu anawaambia wenzake kazini kwamba wenyeji wa mtaa ule hawapendi wageni.

Ukweli wa njia ile ni mwingine. Jioni jua liko magharibi, mgongoni kwa mtumishi na machoni kwa mzee. Anachokiona mzee ni umbo jeusi lenye mwanga nyuma yake. Sura haionekani, wala midomo inayosogea, na watu husaidiwa na midomo kusikia kuliko wanavyodhani. Upepo nao una sehemu yake. Miezi ya kiangazi Dodoma hupata upepo mkavu wenye vumbi, unaovuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Mtumishi anakwenda akiukabili, kwa hiyo sauti yake inasukumwa nyuma, na mzee ana uvumi wa upepo masikioni pamoja na mchakacho wa mabati na majani. Mtumishi huyo huyo akipita asubuhi akitokea mashariki, upepo humbebea salamu hadi kigodani, na mzee huitikia kabla hajafikiwa.

Yamebaki masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango kinachowatatiza. Upungufu wa uzeeni huanzia kwenye sauti nyembamba na kali, na sauti nzito hubaki. Neno “shikamoo” limeanza vibaya kwa mzee wa aina hiyo: “sh” ni miongoni mwa sauti nyembamba za Kiswahili, na “k” ni mpasuko mdogo usio na mvumo. Vinavyomfikia ni irabu na ile “m”. Anajua kuna mtu ametoa sauti, asijue amesema nini wala amemwambia nani. Sauti ya mtoto au ya msichana humpotea zaidi kuliko ya mwanamume mzima, na hapo ndipo watoto wa mtaa humpa babu wa watu sifa ya ukali asiyostahili hata kidogo.

Macho nayo yana historia yake katika nyanda hizi kame. Trakoma, ugonjwa wa macho unaoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi, umesumbua Dodoma kwa muda mrefu, na wilaya ya Kongwa imekuwa mahali pa utafiti wake kwa miongo kadhaa. Maambukizi ya kurudia rudia utotoni huacha kovu ndani ya kope. Miaka mingi baadaye kope hujikunja kwa ndani na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho hadi kipate ukungu. Wanawake huathirika zaidi, kwa sababu ndio wanaolea watoto wenye maambukizi. Ukiongeza ugonjwa wa mtoto wa jicho, ambao ni wa wazee wa kila mahali, bibi aliyeketi kivulini anaweza kumkazia mpita njia macho asimwone. Anaonekana anatazama, lakini haoni sura.

Kinachofaa kufanywa kinatokana na sababu hizo. La kwanza ni kupunguza umbali na mwendo. Salamu itolewe mtu akiwa hatua tatu au nne kutoka kwa mwenzake, amesimama au anakaribia kusimama, mbele yake na si ubavuni, na ikiwezekana upande ambao jua halimpigi mwenzake machoni. La pili ni kuita kwanza, kisha kusalimu. Schegloff alionyesha mwaka 1968 kwamba mwito na jibu lake hutangulia mazungumzo ili kuhakikisha kuwa njia iko wazi. Wasemaji wa Kiswahili hufanya hivyo kila siku wanapobisha hodi. Njiani, “Mzee!” linatosha. Akigeuka au akiinua kichwa, ndipo hufuata “Shikamoo.” Kwa mpangilio huo neno gumu kusikika linamkuta msikilizaji tayari anasikiliza.

Sauti ishushwe na ikazwe, isipigiwe kelele. Anayepiga kelele hupandisha sauti, na sauti ikipanda inaingia kwenye eneo lile lile ambalo masikio ya uzeeni yamelipoteza. Tena husikika kama ugomvi. Salamu irudiwe mara moja tu. Mara ya tatu si salamu tena, ni kumdai mtu mbele ya watu, na hata kama alikuwa hajasikia atafedheheka. Mara ya pili ikipita bila jibu, mtu huinamisha kichwa au huinua mkono na kuendelea na safari yake. Siku inayofuata husalimu kama kawaida. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, ingawa ndiyo inayoamua mambo: aliyeacha kusalimu siku ya pili ndiye anayeanzisha kutosalimiana, hata kama siku ya kwanza kilichokosa ni sikio tu.

Kuna kimya kingine ambacho sababu yake ni aina ya salamu. Kijana akimwambia mzee “mambo,” au “habari” bila shikamoo, anaweza kutazamwa tu. Kimya hicho ni cha kusahihisha, na dawa yake ni kusalimu upya ipasavyo. Kinyume chake pia hutokea: mwanamke wa miaka 35 akipewa shikamoo na mtu anayekaribiana naye umri, husita, kwa kuwa akisema marahaba atakuwa amekubali ukubwa asiotaka. Anayeona kusita huko anaweza kubadili haraka, akauliza habari za asubuhi, na mambo yakaisha. Kwa wazee wa Kigogo, mgeni anayesema “mbukwenyi” hupokewa vizuri, japo itamlazimu ajiandae kwa maswali ya habari yatakayofuata.

Zipo pia nyakati ambazo kutojibu ni sahihi. Mwislamu aliye ndani ya sala hajibu kwa maneno, wala anayesikiliza hotuba ya Ijumaa. Salamu ikitolewa kwa kundi, jibu la mmoja linatosha kwa niaba ya wote, kwa hiyo walionyamaza hawajakosa. Mwenye hedifoni masikioni na aliyetoka kupokea habari ya msiba hawana dharau, ingawa kwa nje wanafanana na wenye dharau.

Maumivu ya kupuuzwa ni ya kweli hata pasipo na nia mbaya. Kipling Williams na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba watu waliotengwa katika mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta waliumia hata walipoambiwa kuwa wenzao katika mchezo si watu, ni programu tu. Kwa hiyo kuumia si ushahidi kwamba mtu amekusudia kuumiza. Ushahidi hutafutwa kwingine: anaitikia salamu za wengine palepale, kwa umbali na sauti ile ile? Anageuza uso baada ya kumtambua anayesalimu? Imekuwa hivyo kwa siku kadhaa, katika saa na mahali tofauti? Yote matatu yakiwapo, kuna jambo. Likikosekana moja, bado ni mapema kuhukumu, na swali la upole kwa mjukuu au jirani, kama mzee anasikia vizuri siku hizi, hufumbua mengi.

Pakiwa na jambo kweli, salamu si mahali pa kulimalizia. Mtu humwendea mwenzake faraghani, akapiga hodi, akakaa, akauliza kama kuna kosa alilomkosea. Akiona hawezi kwenda peke yake, hupitia kwa mtu wa makamo anayeheshimiwa na pande zote mbili, au kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa. Huku suluhu ikitafutwa, yeye huendelea kusalimu kwa sauti ya kawaida, mara moja kila wanapokutana, bila kusimama kungoja jibu.