Barua ya kudai kiinua mgongo

Wengi huanza barua kwa kulalama: nimetumikia kwa uaminifu, nina watoto shuleni. Afisa wa rasilimali watu huisoma, huihurumia, kisha huiweka kando. Nchini Kenya kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba hakitokani na huruma, wala sheria haimpi kila mwajiriwa. Hutokana na mkataba wenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataja malipo ya huduma, lakini aliyekuwa akichangia NSSF hayapati. Basi kama mkataba wako haukutaja kiinua mgongo popote, barua hiyo haina mguu wa kusimamia.

Kama umekitaja, kinara wa barua ni kile kifungu. Tuseme karani aliajiriwa kwa miaka mitatu, kuanzia Julai 1, 2022 hadi Juni 30, 2025. Miaka miwili ya kwanza mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na wa mwisho 44,000. Kifungu cha 9 kinasema atalipwa asilimia 31 ya mshahara wa msingi alioupata katika kipindi chote, kiwango kilichozoeleka sana katika mikataba ya umma. Barua yake ingesema hivi:

“KUH: MADAI YA KIINUA MGONGO

Mkataba wangu ulikwisha Juni 30, 2025. Kwa mujibu wa kifungu cha 9, nadai shilingi 461,280, yaani asilimia 31 ya shilingi 1,488,000 nilizolipwa kama mshahara wa msingi kwa miezi 36. Naambatisha nakala ya mkataba na hati za mshahara. Naomba malipo katika siku 14.”

Marupurupu ya nyumba na usafiri hayamo katika hesabu, na hapa ndipo wengi hujipunja heshima kwa kudai kupita kiasi. Soma pia maneno ya kifungu polepole. Kingesema “mshahara wa mwisho”, hesabu ingekuwa 44,000 mara miezi 36, na karani angedai 491,040. Hayo ni makato ya kodi hayajaguswa.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Mwajiri akidai fedha hazijatoka, mwombe aandike hivyo. Deni lililokiriwa kwa maandishi ni gumu kulikana.

Ila usibembelezwe kwa ahadi hadi muda uishe. Madai yanayotokana na mkataba wa ajira sharti yafikishwe mahakamani ndani ya miaka mitatu, na mazungumzo hayasimamishi saa. Karani wetu, mkataba wake ukihuishwa, asidhani muda utaanza upya: kiinua mgongo cha mkataba ule wa kwanza kilianza kuhesabiwa siku ulipokwisha. Akiona kimya, aende kwa afisa wa leba au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba mapema, akiwa na ile nakala yenye muhuri.