Wakala wa ajira anapong'ang'ania kujua mshahara wa sasa

Swali la mshahara wa sasa huulizwa mapema, mara nyingi kwenye simu ya kwanza. Wakala wa ajira hulitumia kumchuja mwombaji aliye ghali kuliko bajeti, na pia kupata pa kuanzia mapatano. Hilo la pili ndilo lenye hasara. Chukua mhasibu wa Dar es Salaam anayelipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, anayeomba kazi iliyotengewa kati ya 1,800,000 na 2,200,000. Akitaja anachopata, anaweza kuongezewa asilimia 20, akapewa 1,440,000 na kushukuru, kumbe yuko 360,000 chini ya kima cha chini cha nafasi hiyo.

Jimbo la California, Marekani, liliwapiga waajiri marufuku kuuliza swali hili kuanzia Januari 2018. Afrika Mashariki ni swali la kawaida, hivyo mwombaji hujilinda kwa namna anavyojibu.

Jibu la kwanza hurudisha mazungumzo kwenye kazi yenyewe: “Ningependa tuangalie kwanza majukumu ya nafasi hii. Imetengewa kiasi gani?” Wapo mawakala wanaotaja kiwango papo hapo.

Akishikilia, mwombaji hutaja anachotarajia: “Kwa majukumu yaliyo kwenye tangazo, natarajia kati ya milioni 1.9 na 2.2 kabla ya makato. Unaweza kuandika hicho.” Sentensi ya mwisho ina kazi yake, kwani wakala mara nyingi hana ubishi wowote, ana fomu tu yenye nafasi isiyojazwa. Kiwango cha chini kinachotajwa kiwe kile ambacho mwombaji yuko tayari kukipokea kweli, maana mwajiri atakielekea hicho. Maneno “kabla ya makato” nayo yasisahaulike: bila hayo, mmoja huzungumzia mshahara ghafi na mwenzake fedha za mkononi baada ya kodi na michango ya NSSF.

Kusingizia kwamba mkataba unakataza kutaja mshahara hakufai, ila kama kweli unakataza.

Wakala akisema wazi kwamba bila jibu maombi hayaendelei, mwombaji anaweza kujiondoa au kusema ukweli. Akisema, ataje malipo yote: mshahara, posho ya usafiri, bima ya afya ya familia na bonasi, kisha aunganishe hapo hapo matarajio yake ili tarakimu ya zamani isibaki peke yake mezani. Kuuongeza mshahara kwa uongo ni hatari, kwa kuwa baadhi ya waajiri hudai hati za mshahara za miezi 3 kabla ya kusaini mkataba, na ofa inaweza kufutwa.

Fomu za mtandaoni ni ngumu zaidi. Zinapokubali tarakimu pekee, wengine huandika 0 na kueleza kwenye sehemu ya maoni, ingawa mfumo unaochuja wenyewe unaweza kuwaengua kabla maelezo hayajasomwa na mtu.