Nani Mwenye Saa Inayolia?

Katika kikao cha mtaa pale Chanji, huku Ufipa, ikifika saa nne kamili asubuhi, kitu kinalia mara mbili, pi-pi, na mwenyekiti ananyamaza katikati ya sentensi. Watu wanatazamana. Anayekaa mbele anadhani imetoka nyuma, wa nyuma anamkazia macho jirani yake, na mwenye saa mwenyewe huenda naye anageuza shingo kumtafuta mkosaji. Hali hii inaeleweka ukifuatilia sauti ile inazaliwa wapi.

Ndani ya saa ya dijitali kuna kipande cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inaigawa hesabu hiyo kwa mbili, tena na tena, mpaka ipatikane sekunde moja. Mgawanyo wa tatu unatoa 4,096, na saa nyingi hutumia mtetemo wa kiasi hicho kwa ajili ya mlio. Umeme hupita kwenye springi ndogo hadi kwenye kisahani cha kauri kilichogandishwa upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma. Kisahani kinajikunja na kujinyoosha, na mfuniko mzima unageuka kuwa spika.

Ubongo hutambua upande sauti inakotoka kwa njia mbili. Kwa sauti nzito, hupima sikio lipi limefikiwa kwanza na wimbi. Kwa sauti nyembamba sana, hutegemea kivuli cha kichwa, yaani sikio la upande wa pili kusikia kwa udhaifu zaidi. Wimbi la mlio wa saa lina urefu wa sentimita 8 hivi, dogo kuliko upana wa kichwa, kwa hiyo njia ya kwanza inachanganyikiwa, na ya pili bado haijapata nguvu yake yote. Mlio wenyewe unakwisha kabla hujageuza kichwa kuutafuta, na kuta zinaurudisha kutoka kila upande. Kibaya zaidi, tundu la sikio la binadamu hukuza sauti za masafa hayohayo, ndiyo maana kitu kidogo namna ile kinasikika chumba kizima. Wazee ambao masikio yao yameanza kupoteza sauti nyembamba ndio huusikia kwa shida, na wakati mwingine mzee wa namna hiyo ndiye mwenye saa.

Ili kuuzima mlio huo, tuchukue mfano wa Casio F-91W, saa nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na ambayo hata waigaji wanaifuata kitufe kwa kitufe. Wengi huanza kwa kubonyeza kitufe cha kulia, na wanachopata ni saa kubadilika kutoka hesabu ya 12 kwenda ya 24. Mlio haujaguswa. Bonyeza kwanza kitufe cha chini kushoto mara moja, ufike kwenye muda wa kengele. Hapo ndipo kitufe cha kulia kinapofanya kazi: kila ukikibonyeza, alama ya mawimbi ya sauti na alama ya kengele huja na kuondoka kwa zamu. Endelea mpaka zote mbili zipotee. Kisha bonyeza cha chini kushoto mara tatu kurudi kwenye saa ya kawaida.

Tatizo ni kwamba kitufe hicho cha kushoto nacho hulia kila kinapobonyezwa, na kwenye saa hii mlio huo hauna pa kuzimwa. Ukitaka kuondoa pi-pi moja ukiwa kikaoni, utalipa milio minne. Zima ukiwa bado nje.

Matoleo mengine yanakuruhusu kunyamazisha vitufe, aghalabu kwa kushikilia kitufe cha kubadilisha hali mpaka neno MUTE litokee. Hapa watu huteleza, wakidhani wamefunga kila kitu. MUTE hufunga vitufe peke yake. Kama SIG bado inaonekana, saa italia kila saa, na kama ALM ipo, kengele ya kuamsha itaita kama kawaida.

Usiku mambo yanazidi. Mkononi, nyama ya kifundo inabana mfuniko na kupunguza mtetemo. Ukiivua na kuiweka juu ya meza, mfuniko unatikisika huru, katika utulivu wa usiku wa Ufipa ambao hauna kitu cha kuufunika mlio. Anayeamka alfajiri kwenda shamba au stendi asiogope kuzima SIG, kwa kuwa ALM inajitegemea na itamwamsha. Akitaka kujua saa gizani, kitufe cha taa cha F-91W hakitoi sauti.

Kuna saa zinazonyamaza zenyewe baada ya kubadilishwa betri. Mara nyingi fundi alipofungua mfuniko ile springi ndogo ilidondoka bila kuonekana. Utajua kwa sababu saa inakwenda vizuri na alama zote zipo, lakini hakuna kinacholia, hata vitufe. Wapo wanaoomba itolewe makusudi ili wapumzike na kelele. Inawezekana, ila kengele ya alfajiri nayo itakuwa imeondoka, maana milio yote inapita kwenye springi hiyo moja.