Mikono kupasuka na kuwasha: Ni sabuni au ni ukurutu?

MIKONO iliyokauka, ikapasuka na kuwasha si jambo geni kwa wakazi wa Kitengela. Maji mengi yanayotumika huko hutoka visimani, na aghalabu huwa na chumvi. Maji yenye madini mengi hayatoi povu upesi, kwa hivyo anayefua huongeza sabuni. Kisha kuna upepo mkavu wa nyanda zinazoelekea Kajiado, ambao huzidi kuikausha ngozi iliyokwisha kupoteza mafuta yake ya asili.

Hata hivyo, si kila mkono uliopasuka una ugonjwa wa ukurutu. Mara nyingi ngozi huwa imechomwa tu na maji, sabuni na jiki. Hali hizi mbili hufanana, na mtu mmoja aweza kuwa nazo zote, lakini asili yake ni tofauti.

Chukua mfano wa mama anayewafulia watu nguo siku tano kwa wiki. Ukavu ulimwanzia migongoni mwa mikono, katikati ya vidole na chini ya pete, mahali sabuni hunasa. Alihisi mwako kuliko mwasho. Waajiri wake waliposafiri mashambani kwa Krismasi, alipumzika majuma mawili na ngozi ikaanza kulainika. Januari aliporejea kazini, nyufa zilirudi kabla ya wiki kwisha. Dalili zinazofuata kazi namna hii huashiria ngozi iliyochomwa.

Ukurutu wa kurithi una mkondo wake. Mwasho ndio hutangulia, hata usiku, na hauondoki kwa urahisi kazi ikisimama. Mabaka huweza kuonekana pia kwenye mikunjo ya viwiko au nyuma ya magoti. Aghalabu mgonjwa aliwahi kuwa na hali hiyo utotoni, au jamaa zake wana pumu. Kwenye ngozi nyeusi, mabaka hayo si lazima yawe mekundu. Huweza kuwa ya kijivu, ya zambarau au meusi zaidi ya ngozi iliyo kando. Mwenye asili hiyo hudhuriwa na sabuni upesi kuliko wengine.

Ipo pia hali ya tatu, mzio. Hapa mwili hukataa kitu fulani, kama vile mpira wa glavu au saruji, na mwasho hujitokeza siku moja au mbili baada ya kukigusa.

Iwapo chanzo ni kimojawapo cha hivi, tiba ya kwanza ni kurejesha mafuta ya ngozi. Maji ya kunawa yawe vuguvugu, si ya moto. Sabuni isuuzwe yote, hasa katikati ya vidole, na pete ivuliwe. Mikono ikaushwe kwa kuguswaguswa na taulo bila kusugua, kisha ipakwe mafuta kabla ya dakika tatu kupita, ingali na unyevu kidogo. Vaselini isiyo na manukato yatosha. Losheni yenye maji mengi hukauka upesi, na manukato huweza kuchoma ngozi iliyopasuka.

Kipimo ni rahisi: mafuta yanayofunika ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza hutosha mkono mmoja, pande zote mbili. Yapakwe kila baada ya kunawa. Usiku yapakwe kwa wingi, kisha mikono ivishwe soksi safi za pamba hadi asubuhi.

Wakati wa kufua, glavu za mpira zivaliwe juu ya glavu nyembamba za pamba. Zivuliwe kila baada ya dakika 20 hivi, maana jasho linalonaswa ndani hudhuru kama maji. Jiki isiguswe kwa mikono mitupu.

Kosa la wengi ni kuacha mafuta mara nyufa zinapofunga. Ngozi huonekana imepona, ilhali kinga yake ya ndani huhitaji miezi kadhaa kurejea. Kosa jingine ni kununua tyubu ya dawa kali ya steroidi bila ushauri. Ikitumiwa kwa muda mrefu, dawa hiyo huikondesha ngozi, na ikiwa tatizo ni fangasi, huificha huku ikienea.

Hivyo basi, baka lililo kwenye mkono mmoja tu lichunguzwe na daktari. Mwasho wa usiku unaowapata watu kadhaa nyumbani huenda ni upele unaoletwa na wadudu, na vaselini haitauponya. Usaha, uvimbe au maumivu makali ni dalili za viini kuingia kwenye nyufa, na hali hiyo haipaswi kungoja. Vivyo hivyo, asiyepata nafuu baada ya majuma mawili ya kupaka mafuta ipasavyo aende hospitalini, akieleza kazi anayofanya na kila kitu ambacho mikono yake hugusa.