Kutoka "Anasubiri" hadi "Amethibitisha": Orodha ya Usafi wa Ufukwe

Mtu anayejiandikisha kushiriki usafi wa ufukwe huwa ametangaza nia tu, na nia hiyo haimhakikishii mratibu kwamba atafika. Kati ya siku ya kujiandikisha na siku ya kazi kuna safari, ugonjwa, msiba, zamu ya kazini na usahaulifu. Ndiyo maana orodha ya majina hubeba safu ya hali, na kila jina jipya huanza na neno "anasubiri". Kazi ya mratibu ni kuhakikisha kwamba neno hilo linaondoka mbele ya kila jina kabla glovu hazijanunuliwa na wasimamizi hawajapangwa. Jina huweza kugeuka kuwa "amethibitisha", "amejitoa" au "ameondolewa", lakini halitakiwi kubaki likisubiri hadi asubuhi ya kazi.

Muda wa kuthibitisha huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka siku yenyewe, na kwenye ufukwe siku hiyo haichaguliwi ovyo. Dar es Salaam, wakati wa bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Hapo ndipo ufukwe kama wa Coco huwa mpana na takataka zilizoachwa na mawimbi huonekana. Usafi ukisogezwa mbele kwa wiki moja, hukutana na maji mafu, na saa za kupwa nazo huwa zimebadilika. Tanzania Bara pia ina utaratibu wa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo wengi hutakiwa kusafisha maeneo yao wenyewe. Kwa hiyo Jumamosi zinazofaa ni chache, na watu wakikosekana siku hiyo, kazi haihamishwi kirahisi.

Tuchukue mfano wa usafi wenye nafasi 60, yaani jozi 60 za glovu na wasimamizi watano, kila mmoja akiwa na watu 12. Fomu inapofungwa Ijumaa, wiki moja kabla, ina mistari 94. Hatua ya kwanza ni kusafisha orodha yenyewe. Mistari sita ni ya watu waliojaza mara mbili, na kwa kuwa jina moja huandikwa kwa namna nyingi, marudio hutambuliwa kwa namba ya simu. Namba nazo zina mtego wake: programu ya majedwali huichukulia 07 ya mwanzo kama hesabu na kuifuta sifuri, na mwingine huandika +255. Safu ya simu ikipangwa kuwa maandishi na namba zote zikaandikwa kwa mtindo mmoja, marudio hujitokeza yenyewe.

Inabaki mistari 88, ila mmoja wake umeandikwa "mimi na wenzangu wanane". Huo ni mstari mmoja wenye watu tisa, hivyo orodha ina watu 96. Mratibu asiyekuwa na safu ya idadi atahesabu mistari badala ya vichwa na kupungukiwa glovu. Idadi ikiwa katika safu ya D na hali katika safu ya E, watu wanaosubiri hupatikana hivi:

```
=SUMIF(E2:E89,"ANASUBIRI",D2:D89)
```

Watu 60 wa kwanza kujiandikisha ndio wenye nafasi, nao ni watu 51 waliojiandikisha mmojammoja pamoja na lile kundi la tisa. Wengine 36 huwekwa kwenye akiba kwa mpangilio wa waliotangulia, na huelezwa siku hiyohiyo kwamba wako akiba ili wasijihesabu kuwa wamepata.

Jumatatu asubuhi ujumbe wa kwanza hutumwa. Huwa na mambo manne: mahali, siku, saa na swali moja linalojibiwa kwa neno moja, NDIYO au SIJI, kabla ya Jumanne jioni. Saa huandikwa kikamilifu, "saa moja na nusu asubuhi", kwa sababu "7:30" ikiandikwa peke yake mwingine huisoma kama saa saba na nusu mchana. Anayetuma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp anapaswa kujua kwamba ujumbe huo humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Wasioihifadhi hawaupati, nao huonekana kama watu wasiojali. Kuwaweka wote kwenye kundi moja huondoa tatizo hilo lakini huanika namba ya kila mtu kwa wengine, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humtaka anayekusanya taarifa azitumie kwa lengo alilozikusanyia. Njia salama ni ujumbe wa mmojammoja, na meseji ya kawaida kwa mwenye simu ya kitochi.

Tiki mbili huonyesha kwamba ujumbe umefika kwenye simu, na tiki za buluu kwamba umefunguliwa. Hakuna kati ya hizo inayohesabiwa kuwa jibu. Hali hubadilishwa tu mtu anapojibu, na tarehe ya jibu huandikwa pembeni.

Jumanne jioni hesabu inakuwa hivi: watu 27 wamekubali, wanne wamejitoa, na kiongozi wa lile kundi anasema watakuja sita badala ya tisa. Waliothibitisha ni 33, nafasi zilizoachwa ni saba, na 20 bado wanasubiri. Nafasi hizo saba hupelekwa mara moja kwa saba wa kwanza wa akiba bila kungoja wale 20 wajibu, kwa kuwa mtu wa akiba naye anahitaji muda wa kujipanga.

Jumatano ni siku ya kupiga simu. Kati ya wale 20, watu 11 wanakubali, watatu wanajitoa na sita hawapokei. Sita hao hutumiwa ujumbe wa mwisho unaotaja saa: asiyejibu kufikia Alhamisi saa sita mchana, nafasi yake itapewa mwingine. Mmoja anajibu, watano wanaondolewa. Sasa waliothibitisha kutoka orodha ya kwanza ni 45, na nafasi 15 ni za akiba. Baadhi ya watu wa akiba nao hukataa, hivyo huenda majina 22 yakapitiwa ili 15 wapatikane. Wale 14 wanaosalia huambiwa Alhamisi jioni kwamba nafasi zimejaa.

Ijumaa ni ya manunuzi na ujumbe mfupi wa kukumbusha mahali pa kukutania, ukiwa na namba ya kupiga kwa atakayepata dharura. Hakuna jina jipya linaloingizwa baada ya hapo, isipokuwa kujaza pengo la aliyejitoa.

Jumamosi, kila anayefika huwekewa alama mezani kabla ya kupewa glovu. Tofauti kati ya "amethibitisha" na "amefika" ndiyo kipimo pekee kinachomwezesha mratibu kuamua kama safari ijayo aite watu zaidi ya nafasi alizonazo, na kwa kiasi gani. Usafi mmoja hautoshi kutoa kipimo hicho, kwani mvua ya asubuhi moja huweza kuwazuia wengi. Rekodi za mara kadhaa, zikiandikwa kwa safu zilezile, ndizo zinazoonyesha uwiano wa kutegemewa.